Swali, tusi na tishio: tulivyoshughulikia usiku mmoja kwenye kundi la Darasa la Nne

(Hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi, mbele ya walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi, Tanga)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu walimu wakuu, wenyeviti wenzangu wa kamati, Afisa Elimu Kata wetu, na wazazi mlioacha shughuli zenu mkafika hapa.

Mimi si mwalimu. Ni mzazi, na ni mwenyekiti wa kamati ya shule moja ya msingi hapa jijini. Nimeombwa nieleze yaliyotupata kwenye kundi la WhatsApp la Darasa la Nne, kwa sababu shule kadhaa mlioko hapa mmeanza kupatwa na mambo ya namna hiyo hiyo. Mwalimu mwenyewe ameridhia nizungumze. Nilimsomea kwanza nitakayoyasema, na sharti lake lilikuwa moja: nisimtaje jina, wala nisitaje shule. Nawaomba na ninyi, anayedhani amemtambua, abaki na yake moyoni.

Ilikuwa Jumatano. Jioni, baada ya masomo, mwalimu wa darasa aliweka kwenye kundi picha ya karatasi ya matokeo ya jaribio la mwezi. Karatasi ilikuwa na majina ya watoto wote, alama za kila somo, jumla, wastani na nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Hakubuni yeye utaratibu huo. Mikondo yote ilikuwa ikifanya hivyo, na wazazi wengi walikuwa wakiupenda.

Baada ya magharibi mama mmoja akauliza. Nasoma alivyoandika: "Mwalimu samahani, mwanangu Hisabati ana 12 kati ya 50, na daftari lake limejaa vema. Naomba kueleweshwa." Swali hilo ni la haki na limeulizwa kwa adabu. Mwalimu hakuwa na simu mkononi, alikuwa jikoni kwake.

Mnamo saa 2 usiku akaingia baba mwingine. Mtoto wake ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha. Alianza kwa kusema mwalimu hajui kufundisha, anajua kupokea mshahara. Dakika chache baadaye akatuma ujumbe wa sauti. Sauti ile sitairudia hapa. Inatosha mjue kwamba ilimsema mwalimu kwa kutojaaliwa mtoto, ikaisema na ndoa yake. Kisha mtu akachukua picha ya mwalimu aliyokuwa ameiweka stetasi siku ya Idi, akaipachika kwenye kundi ikiwa na maneno ya kejeli. Wengine wakacheka kwa vile vikatuni vya kucheka machozi. Mwisho ikaingia namba ambayo wengi hawakuwa nayo, ikaandika kwamba anajua mwalimu anakaa mtaa gani na kesho asubuhi watakutana njiani.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu shule nyingi hupotelea hapa. Ukisikia habari hii kwa juu utasema wazazi wamemtukana mwalimu, basi. Ukikaa na simu ukasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, huwakuti "wazazi". Sehemu kubwa ya kundi haikuandika neno. Waliokuwa na uzito ni watu watatu, na kila mmoja alifanya jambo tofauti na mwenzake. Mama aliuliza swali. Baba alikuwa na lalamiko, akalifunika kwa matusi. Yule wa tatu alitoa tishio. Hayo matatu hayapiti mlango mmoja. Shule ikiyakusanya pamoja, itamwadhibu mama aliyeuliza tu, au itamchukulia aliyetishia kama mzazi mwenye hasira, na vyote viwili ni hatari.

Mpaka kati ya lalamiko na tusi unaonekana ukitazama sentensi inamsema nani na inasema nini chake. Mzazi akisema somo halieleweki, alama si sahihi, mtoto hasahihishiwi madaftari, hata akisema kwa ukali, anaisema kazi, na kazi ya mwalimu inasemeka. Sentensi ikihama kwenye kazi ikaenda kwenye umbile la mwalimu, ndoa yake, uzazi wake, kabila lake au nyumba anayolala, hapo lalamiko limeshaachwa nyuma. Na ikishataja mahali na saa, hilo si tusi tena.

Usiku ule Mwalimu Mkuu alipigiwa simu na mwalimu wa zamu. Yeye ni msimamizi mmojawapo wa kundi, jambo ambalo nawasihi mlihakikishe kwenye kila kundi la darasa: pasiwe na msimamizi mmoja tu, tena pasiwe na kundi ambalo msimamizi pekee ni yule yule anayeweza kutukanwa. Aliingia kwenye mipangilio ya kundi akaweka kwamba wasimamizi tu ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Kisha akaandika maneno haya, nami nayasoma yote kwa sababu yalinifundisha mengi:

"Wazazi wetu, habari za usiku. Kundi limefungwa kwa usiku huu. Mwenye swali kuhusu alama za mwanawe afike shuleni kesho kuanzia saa 2 asubuhi, karatasi za mtihani zitakuwepo. Maneno ya kumvunjia mtu heshima hayapokelewi hapa. Picha ya mwalimu iliyowekwa hapa tafadhali isisambazwe."

Hakumtaja aliyetukana, wala hakutaja kifungu cha sheria. Hakuanza kumtetea mwalimu kwa kusema ni mchapakazi, kwa sababu angefungua mjadala wa kama kweli ni mchapakazi, mbele ya kundi zima, usiku. Mama aliyeuliza swali aliambiwa swali lake litajibiwa lini na wapi. Nilipousoma nikaona ndiyo lugha ya ofisi inayojiheshimu.

Jambo la pili alilolifanya usiku ule lilikuwa kumpigia mwalimu mwenyewe. Alimwambia mambo mawili: usijibu chochote, na usiendelee kusoma. Kutojibu ni kugumu sana mtu anapokuwa amesemwa ndoa yake. Lakini jibu la mwalimu, hata likiwa la haki, hukatwa kipande na kupelekwa kundi jingine bila yale yaliyolitangulia, na kesho yake inayozungumzwa mtaani ni lugha ya mwalimu. Walimu wenzake nao waliambiwa wasiingie kumpigania. Mwalimu mmoja, rafiki yake, alikwenda kulala kwake usiku ule, na asubuhi walikuja shule pamoja kwa bajaji badala ya kutembea.

La tatu ni ushahidi. Kazi ya kuukusanya alipewa mwalimu mwingine, mtulivu, ili mwenye kutukanwa asilazimike kuyapitia tena. Hapa kuna mambo ambayo ukiyakosa usiku wa kwanza huyapati tena. Mtumaji anaweza kuufuta ujumbe wake kwa wote ndani ya siku mbili hivi, na kinachobaki ni alama tu kwamba ujumbe ulifutwa. Msimamizi naye akifuta kwa haraka ya kulisafisha kundi, anaufuta kwenye simu za wote. Kama kundi limewekewa ujumbe wa kujifuta wenyewe baada ya saa 24 au siku 7, hakuna hata wa kumlaumu. Kwa hiyo hifadhi kwanza, futa baadaye.

Tena picha ya skrini peke yake haitoshi. Kwenye simu ya mwalimu mtumaji anaonekana kwa jina alilohifadhiwa nalo, "Baba Fulani", na jina hilo ameliandika mwenye simu. Lazima ufungue taarifa za mtumaji ionekane namba yenyewe, pamoja na tarehe na saa. Ujumbe wa sauti uhifadhiwe kama sauti, na pembeni yaandikwe maneno yake. Na simu iliyopokea ujumbe isifutwe vitu wala kubadilishwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka mahakama, inapopima ushahidi wa namna hii, iangalie ujumbe ulitengenezwa na kuhifadhiwaje, na mtumaji alitambuliwaje. Picha iliyopita mikono mitano ya kusambaziwa haina majibu ya maswali hayo.

Wajumbe wa kamati yangu, nawasema kwa mapenzi, walitaka baba yule aondolewe kwenye kundi usiku ule ule. Mwalimu Mkuu alikataa, na mimi niko upande wake. Ukimwondoa anafungua kundi lake asubuhi, anawaalika walewale waliocheka, na humo hamna mwalimu wala msimamizi. Halafu mtoto wake anakosa taarifa za shule kwa kosa ambalo si lake.

Na kuhusu mtoto huyo. Asubuhi ya Alhamisi Mwalimu Mkuu aliwakusanya walimu kabla ya kengele akawaambia: mtoto hajui, na kama anajua hahusiki. Asiulizwe, asitazamwe, asitajiwe baba yake. Mwalimu wa taaluma akapewa jukumu la kupita darasani mara kwa mara wiki ile. Mwalimu aliyetukanwa ndiye aliyeendelea kumsahihishia mtoto huyo daftari lake, na nimeliona hilo daftari. Maoni aliyomwandikia siku ile ni haya: "Umejitahidi, rudia namba 4."

Mama wa swali alifika saa 2 kamili. Ikatolewa karatasi ya mtoto. Alama zilikuwa 21, na aliyezihamishia kwenye orodha aliandika 12. Kwa viwango vya shule ya msingi mtoto alikuwa ametolewa C akapewa D. Ikasahihishwa palepale kwenye daftari la alama, mama akaombwa radhi, akaelezwa pia kwamba 21 bado ni chini kwa sababu mazoezi ya daftarini mtoto huyafanya akitazama mfano ubaoni na kwenye jaribio mfano haupo. Akaondoka ameridhika. Nawaambia hivi ili muone hasara ambayo ingetokea kama sauti yake ingezimwa pamoja na za wenzake.

Yule wa tishio tulimshughulikia siku hiyo hiyo, bila kikao. Tulipoifuatilia namba tukakuta si mzazi wala mlezi wa mtoto yeyote darasani. Ni ndugu wa mzazi mmoja aliyeingizwa kundini zamani kwa sababu ya kuchukua matangazo ya mtoto wakati mzazi yuko safarini, akasahauliwa humo. Mwalimu, akisindikizwa na Mwalimu Mkuu, alitoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa wake kisha akaenda kituo cha polisi, akaandikisha maelezo na kupewa namba ya RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumbughudhi au kumtia uchungu wa moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Jalada liko kwenye mikono ya vyombo vinavyohusika na mimi sitalisemea.

Sasa baba. Aliitwa kwa simu, kwa sauti ya kawaida, afike Ijumaa asubuhi. Kikao kilikuwa cha Mwalimu Mkuu, mwalimu wa taaluma na mimi. Mwalimu hakuwepo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kumkalisha mezani na mtu aliyemsema vile kabla hajasema mwenyewe kama anataka.

Tulimsikiliza kwanza. Na alikuwa na la kusema. Orodha ilipowekwa, watoto wakubwa nyumbani kwa majirani waliiona kwenye simu za wazazi wao, na mwanawe alipofika madrasa alikuta wenzake wanamwita kwa nafasi yake. Akarudi nyumbani hataki kula. Alitueleza hayo akitazama sakafu. Mwalimu Mkuu akamjibu kwamba katika hilo shule inakubaliana naye: alama za mtoto ni za mtoto na mzazi wake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo imezihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Orodha haiwekwi tena. Kila mzazi atapata karatasi ya mwanawe.

Hapo ndipo ikawekwa mezani karatasi ya pili, yenye maneno yake mwenyewe. Hakusomewa. Alipewa asome. Mwalimu Mkuu akamwambia, "Baba, lile la orodha tumelimaliza. Hili ni jingine, na halilipwi na lile." Naiona sentensi hiyo kuwa ndiyo nguzo ya kikao kizima. Mzazi akigundua kwamba lalamiko lake lilikuwa la kweli, hujiona na matusi yake yamehalalika. Yatenganishwe mbele yake, kwa sauti ya upole, na kila moja liandikwe kwenye muhtasari kwa kichwa chake.

Alikiri. Akatuambia alikuwa na hasira, na tukamwambia hasira tumeielewa. Alielezwa kwamba mwalimu ana haki ya kwenda polisi na kwa sauti ile pia, kwamba uamuzi huo ni wa mwalimu, si wa shule wala wa kamati, na kwamba sisi hatuna uwezo wa kumsamehe kwa niaba yake.

Nilitaje na jambo linalotuhusu sisi watu wa hapa zaidi. Alhamisi baada ya magharibi, kabla hatujakutana na huyo baba, wazee watatu wa mtaani walikwenda nyumbani kwa mwalimu kumwomba yaishe. Walikwenda kwa nia njema na nawaheshimu. Suluhu ni desturi yetu na imetuepusha na mengi. Lakini mwanamke aliyetukanwa uzazi wake, akiwa ndani kwake, amefuatwa na wazee watatu, atasema nini zaidi ya "sawa wazee wangu"? Neno hilo si ridhaa. Mwalimu Mkuu aliwafuata wazee akawaomba, kwa heshima zote, waje shuleni baada ya mwalimu kuulizwa peke yake. Nao walielewa.

Alipoulizwa peke yake, na mwakilishi wa CWT wa pale shuleni akiwa amekaa naye, mwalimu alitaka mambo matatu kwa baba yule. Aombe radhi pale pale alipotukania. Sauti na picha vifutwe. Na asitarajie kujibiwa. La tatu nililiona ni zito, na tulilieleza kwa baba kama lilivyo. Jumamosi aliandika radhi kwenye kundi kwa maneno yake, Mwalimu Mkuu alikataa kumwandikia. Akasema alimsema mwalimu mambo ambayo si ya kusemwa, na kwamba swali lake la orodha alipaswa kulipeleka ofisini. Sauti na picha wasimamizi walikuwa wameshazifuta Ijumaa, kabla siku mbili hazijapita, nakala zikiwa zimeshahifadhiwa kwenye bahasha ya ofisi.

Kundi lilifunguliwa tena. Najua baadhi yenu mmeshafunga makundi yenu moja kwa moja, yamekuwa ya matangazo tu. Sikubaliani na hilo likiwa la kudumu. Mzazi aliyezibwa mdomo kwenye kundi la shule hanyamazi, anahamia kwenye kundi la wazazi peke yao, na huko uvumi haupati wa kuusahihisha. Tulichofanya ni kulifungua mchana hadi saa 12 jioni, likifungwa usiku na wasimamizi. Jambo la mtoto mmoja linaletwa kwa laini ya shule, si kwa namba ya mwalimu. Laini hiyo iko kwenye simu ndogo inayobaki ofisini ikifungwa kabatini jioni. Na orodha ya waliomo kundini inapitiwa kila muhula na mwalimu wa darasa akiwa na daftari la mahudhurio mkononi, namba isiyo na mtoto inaondolewa. Tuhuma nzito dhidi ya mwalimu, za nidhamu yake ya kazi, zinaandikwa kwa barua kwa Mwalimu Mkuu, na zikistahili zinafika hadi Tume ya Utumishi wa Walimu. Mzazi anaelezwa njia hiyo tangu siku anapoandikisha mtoto.

Mwalimu aliulizwa kama anataka kubadilishiwa darasa. Alisema hapana, watoto hawajamkosea. Aliomba atoke kwenye kundi, na matangazo yake yawe yanapelekwa na mwalimu wa taaluma. Amekubaliwa, na hakuwekewa muda wa kurudi.

Nakala za lile tangazo la usiku, na fomu tunayoitumia kuandika ushahidi, ziko kwenye meza ya Afisa Elimu Kata hapo mlangoni. Mwenye swali aniulize sasa, na lile ambalo hataki kuliuliza mbele ya watu, nitakuwepo hapa hadi adhuhuri.